Slaidi 26 kwa dakika 15: nini cha kukata, na nini kishike nafasi yake

*Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili na baada ya wiki tatu nitawasilisha matokeo ya utafiti wangu mbele ya jopo kwa dakika 15. Nina slaidi 30. Nilipojaribu mbele ya wenzangu nilitetemeka, nikawa nasoma ukutani, na muda ukaisha sijafika kwenye matokeo. Msimamizi wangu anasema nikate nusu. Mimi naona slaidi ndizo zinazonishika mkono. Nikizipunguza nitasahau, na jopo litaona sikufanya kazi. Nifanyeje?*

Marahaba, binti yangu. Msimamizi wako amekushauri vyema, lakini kuambiwa ukate nusu hakutoshi iwapo hujui ukate zipi, wala hujui utashika nini pale ambapo ulikuwa umeshika slaidi. Badala ya kukupa kanuni tupu, nitakusimulia habari ya mwanafunzi mmoja niliyemsaidia kujiandaa, ambaye hali yake ilifanana sana na yako, na nitakuonyesha alichokiondoa, alichokibakiza, na mahali alipokosea kabla ya kupatia.

Utafiti wake ulihusu uhifadhi wa mahindi. Alikuwa amelinganisha mahindi yaliyowekwa katika mifuko ya kawaida ya salfeti na yale yaliyowekwa katika mifuko isiyopitisha hewa, kwa muda wa miezi sita, ili aone ni kiasi gani kinaharibiwa na dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi humwita skania. Ilikuwa kazi nzuri, na swali lake lilikuwa moja na la wazi. Alipokuja kwangu alikuwa na slaidi 26. Ya kwanza ilikuwa ya jina na ya pili ilikuwa ya mpangilio wa mada. Zikafuata slaidi tano za usuli, moja ya tatizo la utafiti, mbili za malengo, nne za mapitio ya maandishi, moja ya ramani na nne za mbinu. Matokeo yalikuwa na slaidi tano, hitimisho lilikuwa na moja, na ya mwisho ilikuwa ya shukrani. Ukizihesabu utaona kwamba matokeo yalianzia slaidi ya 20.

Nilimwomba awasilishe mbele ya wanafunzi wenzake wanne. Slaidi mbili za kwanza alituangalia. Kuanzia ya tatu aligeukia ukuta na hakurudi tena. Mkono wenye rimoti aliubana tumboni ili usionekane ukitetemeka, sauti ikapanda, na kila alipoona aya ndefu aliongeza kasi. Dakika ya 15 ilipofika alikuwa kwenye slaidi ya 18, akieleza namna alivyochukua sampuli. Niliwagawia wale wanne vikaratasi, nikawaomba waandike kwa sentensi moja utafiti huu umegundua nini. Hakuna aliyeweza kuandika, kwa sababu ugunduzi wenyewe haukutamkwa.

Yeye na wenzake walikubaliana kwamba kilichoharibu ni hofu. Mimi nilimwomba tufanye hesabu kwanza. Tulichukua slaidi zake na kuhesabu maneno yaliyoandikwa. Kwa wastani kila moja ilikuwa na maneno 70 hivi. Zidisha kwa 26, unapata maneno 1,820. Mtu anayezungumza kwa mwendo ambao wasikilizaji wanaweza kuufuata husema takriban maneno 120 kwa dakika, yaani 1,800 kwa dakika 15. Kwa hiyo, kama angesoma tu yaliyokuwa ukutani, bila kuvuta pumzi, bila kueleza grafu hata moja, na bila kuongeza neno lake mwenyewe, muda wote ungekwisha. Hata mtu asiye na hofu yoyote asingeweza kulimaliza wasilisho lile. Hofu ilikuwepo, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa hofu ya mtu anayejua moyoni kwamba ana kazi isiyoingia katika muda aliopewa.

Sasa nikueleze kinachotokea kwa msikilizaji, kwa maana ndiko hoja ya kukata inakoanzia. Maandishi tunayoyasoma hugeuka sauti ndani ya vichwa vyetu, na sauti hiyo hupita katika njia ileile ya kumbukumbu ya muda mfupi inayopokea maneno ya anayezungumza. Njia hiyo ni nyembamba. Mwanasaikolojia Richard Mayer na wenzake, waliochunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, walionyesha kwamba watu huelewa zaidi wanapopewa picha pamoja na maelezo ya kusikia kuliko wanapopewa picha, maelezo ya kusikia, na maandishi yaleyale ya kusoma kwa wakati mmoja. Ni sawa na kusimuliwa habari wakati unahesabu chenji: moja kati ya hayo mawili litakupotea. Mtahini aliyewekewa aya ya maneno 70 ataisoma, na akiisoma hakusikii. Akimaliza kabla yako, na huwa anamaliza kabla yako, hukaa akikusubiri.

Kwako wewe unayezungumza, madhara ni makubwa zaidi. Hofu huchukua sehemu ya umakini wako, kwa sababu akili inakagua bila kukoma: mkono unatetemeka, sauti imebadilika, yule pale amekunja uso. Umakini unaobaki ndio unaotakiwa utafute neno, ukumbuke hoja na uangalie muda. Ukiuongezea kazi ya kusoma sentensi ndefu kwa mbali huku umegeuka shingo, unabaki na kidogo mno. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitambui: kila unapobadilisha slaidi unaanza upya. Lazima uitambue slaidi iliyokuja, ukumbuke kwa nini uliiweka, na utafute sentensi ya kuifungua. Slaidi 30 kwa dakika 15 maana yake unaanza upya kila baada ya sekunde 30. Wewe unaziona kama mkono unaokushika. Mimi naona ni milango 30 ambayo kila mmoja unakupa nafasi mpya ya kupotea.

Hapo ndipo tulipoanza kukata. Tulichapisha slaidi zake zote zikiwa ndogondogo, tukazipanga mezani, kisha nikamwomba azipe mgongo na anisimulie utafiti wake kwa dakika moja, kana kwamba anamweleza shangazi yake ambaye ana ghala la mahindi. Alisimulia vizuri kabisa, bila kutetemeka. Nikiwa nasikiliza niligusa kwa kalamu kila slaidi ambayo simulizi lake lilihitaji. Alipogeuka, tisa ndizo zilizokuwa na alama, na kati ya slaidi tano za usuli ni moja tu iliyokuwa nayo. Kwa kila iliyobaki nilimuuliza swali lilelile: hii ikiondoka, ni jambo gani ambalo jopo halitaelewa tena? Pale alipokuwa na jibu, slaidi ilibaki. Pale alipojibu kwamba inaonyesha amesoma sana, iliondoka.

Mwishowe zikawa 13. Jina, moja; tatizo, moja, ikiwa na picha ya punje zilizotobolewa na unga wake chini; swali la utafiti, moja, badala ya malengo mawili yaliyokuwa yakirudiana; ramani, moja; mbinu, mbili; matokeo, nne; mipaka ya utafiti, moja; hitimisho, moja; na mapendekezo, moja. Angalia jinsi mizani ilivyobadilika. Mwanzoni matokeo yalikuwa slaidi tano kati ya 26 na yalianzia ya 20. Sasa yalikuwa nne kati ya 13 na yalianzia ya saba. Ile ya mipaka haikuwepo kabisa hapo awali, na nilimsisitiza aiweke, kwa sababu mtahini anayekusikia ukitaja mwenyewe udhaifu wa kazi yako huuliza kuhusu udhaifu huo kwa namna tofauti na yule anayeugundua. Ya shukrani tuliitoa, kwani shukrani hutamkwa kwa mdomo, na wakati wa maswali ni bora ukuta ubaki na mapendekezo yako.

Nikuonyeshe slaidi moja kwa karibu. Katika matokeo alikuwa na jedwali la safu tisa za kulala na sita za kusimama, yaani namba 54, kwa herufi ambazo mimi niliyekaa mstari wa pili sikuzisoma. Nilimuuliza ni namba zipi anazizungumzia. Alinyoosha kidole kwenye mbili. Jedwali lile tukaligeuza grafu ya mistari miwili: mhimili wa chini ulikuwa wa miezi, kuanzia sifuri hadi sita, na wa kusimama ulikuwa wa asilimia ya punje zilizoharibika. Mstari wa mifuko ya kawaida ulikwenda chini chini kisha ukapanda kwa nguvu baada ya mwezi wa tatu. Wa mifuko isiyopitisha hewa ulibaki karibu bapa. Juu ya grafu, mahali ambapo palikuwa na neno “Matokeo,” aliandika sentensi moja inayosema kile ambacho mistari inaonyesha. Jedwali lenyewe halikutupwa. Lilikwenda kwenye akiba.

Akiba ndiyo jibu la woga wako kwamba jopo litaona hukufanya kazi. Baada ya slaidi ya mwisho, ya 13, aliweka nyingine sita ambazo hakukusudia kuzionyesha asipoulizwa: jedwali kamili, hesabu za takwimu, dodoso, upimaji wa unyevu, na mbili za mapitio ya maandishi. Ukitumia PowerPoint, wakati wa kuonyesha unaandika namba ya slaidi kwenye kibodi na kubonyeza Enter, nayo inakuja moja kwa moja bila jopo kuona ukipekua. Kwa hiyo alikuwa na kipande kidogo cha karatasi chenye namba na majina ya zile sita. Mtahini hupima kazi yako kwa namna unavyojibu maswali, na jibu lenye jedwali lililo tayari linaonyesha bidii yako kuliko slaidi nne za mapitio zilizosomwa mbio.

Usidhani yote yalinyooka hapo. Toleo lake la pili aliloniletea lilikuwa na slaidi 13 kweli, lakini alikuwa amechukua maneno ya zile zilizoondoka na kuyabana ndani ya zilizobaki, na herufi zilikuwa zimeshuka hadi ukubwa wa 14. Hili ndilo kosa linalowapata wengi wanaoambiwa wakate nusu, na dalili yake ni rahisi kuiona: idadi ya slaidi imepungua, lakini ukihesabu maneno yote ni yaleyale. Nilimwekea sharti la herufi zisizopungua ukubwa wa 24, na sharti hilo peke yake lilimlazimisha kufuta, kwa sababu aya haiingii.

Alipofuta, likaja tatizo la pili, ambalo ni hilo unaloliogopa. Alisimama mbele ya slaidi yenye picha tu, akanyamaza. Hakuwa amesahau utafiti wake. Alichokikosa ni sentensi ya kuanzia. Hapa ndipo lazima kitu kingine kishike nafasi ya maandishi yaliyoondoka. Alichukua karatasi moja ngumu na kuandika sentensi 13, moja kwa kila slaidi, kila moja ikiwa ndiyo ya kufungulia. Hakuandika maelezo yanayofuata, kwa sababu hayo aliyajua. Nilimzuia pia asikariri wasilisho lote, maana aliyekariri neno kwa neno akipotewa na moja hupotewa na yote yaliyolifuata. Alichokariri ni sentensi mbili za mwanzo na moja ya mwisho, basi. Nikamfundisha pia kuitamka sentensi ya slaidi inayofuata kabla ya kubonyeza, ili picha inapokuja iwakute wasikilizaji tayari wanajua wanachoangalia, na yeye asiwe anashtukizwa na slaidi zake mwenyewe.

Kwa kuwa wasilisho lake lilikuwa kwa Kiingereza, kama lilivyo lako huenda, kulikuwa na sababu nyingine ya zile aya: aliogopa kukosea sarufi akiwa amesimama. Ninaielewa hofu hiyo na siipuuzi. Lakini sentensi iliyo sahihi ukutani haikusaidii kuitamka, na ukiisoma wasikilizaji wanasikia kwamba unasoma. Sentensi tatu au nne ambazo lazima ziwe sahihi kabisa, kama ile inayotamka ugunduzi wako mkuu, ziandike kwenye karatasi yako na uzitamke kwa sauti mpaka mdomo uzizoee. Nyingine zikitoka na kosa dogo la sarufi, jopo linaloelewa hoja yako litaendelea kukufuata.

Alifanya mazoezi akiwa amesimama, kwa sauti, simu ikipima muda. Kusoma kimoyomoyo ukiwa umekaa hakuhesabiki, kwa sababu macho hukimbia kuliko mdomo. Tuliweka alama tatu za njiani: dakika ya nne awe ameanza mbinu, dakika ya saba awe kwenye tokeo la kwanza, dakika ya 12 awe kwenye hitimisho. Alama hizo zilimwondolea mzigo wa kuhofia muda kila wakati. Kama angechelewa kwenye alama ya dakika ya saba, alikuwa ameshaamua mapema kwamba slaidi ya pili ya mbinu angeipitia kwa sentensi moja tu.

Siku yenyewe nilikaa nyuma ya ukumbi. Mikono ilitetemeka, niliiona aliposhika karatasi. Sentensi mbili alizozikariri zilitoka kwa sauti nyembamba, lakini zilitoka, na alipofika kwenye picha ya punje zilizotobolewa aligeuka kutuangalia, kwa sababu ukutani hapakuwa na kitu cha kusoma. Kufikia ramani sauti ilikuwa imekaa. Alimaliza dakika ya 14. Mtahini mmoja akamuuliza alijuaje kwamba mahindi yalikuwa yamekauka vya kutosha kabla ya kufungwa, swali zuri, kwani mahindi mabichi yakifungiwa katika mfuko usiopitisha hewa huota ukungu. Aliangalia kile kipande cha karatasi, akaandika 17, akabonyeza Enter, na jedwali la unyevu likaja, likionyesha kwamba kila sampuli ilikuwa chini ya asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi. Nadhani jibu lile lilimpa heshima zaidi mbele ya jopo kuliko kitu kingine chochote alichokisema siku hiyo.

Naomba usitoke hapa ukiamini kwamba kukata slaidi huponya hofu. Hakuponyi. Mwili utatetemeka bado, hasa dakika moja au mbili za mwanzo, ambazo kwa watu wengi ndizo ngumu kuliko zote. Kinachobadilika ni kwamba hofu inabaki na kazi ndogo ya kuharibu. Kuna jambo jingine linalosaidia ukilijua mapema. Mwaka 2003 watafiti Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba wazungumzaji hudhani woga wao unaonekana kwa wasikilizaji kuliko unavyoonekana kweli, na kwamba wale walioelezwa jambo hilo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi. Wenzake wanne niliowauliza baadaye walisema alikuwa ametulia. Walikuwa hawaioni mikono ile niliyokuwa nikiiangalia kwa makusudi.

Wala nusu si kipimo cha kila mtu. Mwenye slaidi 30 za picha, kila moja ikipita kwa sekunde chache, anaweza kumaliza kwa raha, na mwenye slaidi 12 zenye aya anaweza kukwama. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu maneno yako kabla ya kufuta chochote. Ukikuta yanazidi robo ya yale unayoweza kuyasema kwa dakika 15, yaani kama 450, tatizo lako ni lilelile. Pia idara nyingine zina mwongozo unaotaja sehemu ambazo lazima ziwepo. Uusome kwanza, na sehemu inayolazimishwa uipe slaidi moja fupi badala ya kuiondoa. Na kama jopo linataka kupewa nakala ya slaidi za kusoma baadaye, tengeneza mafaili mawili, moja la kusomwa lenye maelezo kamili na jingine la kuonyeshwa ukizungumza. Faili moja haliwezi kufanya kazi zote mbili vizuri.

Lipo pia suala ambalo slaidi haziwezi kulitatua. Ikiwa umewahi kukwepa mawasilisho au mitihani ya mdomo kwa sababu ya hofu, ikiwa unakosa usingizi kwa wiki kadhaa, unatapika, unaishiwa pumzi au unahisi kuzimia unapofikiria siku hiyo, au ikiwa hofu yenyewe haiishii ukumbini bali inakufuata hata kula au kuongea mbele ya watu wachache, nenda sasa kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwenu na umwombe akuunganishe na mwanasaikolojia. Kuna tiba ya mazungumzo inayosaidia hali hiyo vizuri, lakini inahitaji vikao kadhaa, na wewe una wiki tatu. Usipokee kwa rafiki vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, kama propranolo, ambavyo najua hupitishwa mkono kwa mkono mabwenini nyakati hizi. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa kwa namna ya hatari. Kama daktari ataona inakufaa, ataamua kipimo na atakutaka uijaribu siku nyingine kabla ya ile ya kusimama mbele ya jopo.